KIGOMA au TABORA? Maneno mawili kwenye visanduku vilevile

*"Mwalimu, shikamoo. Niko Mwanga, Kigoma. Kwenye fumbo la maneno la mwezi uliopita, 12 mlalo iliuliza: 'Mji, stesheni kubwa ya Reli ya Kati', visanduku sita. Nikaandika KIGOMA na herufi zote zikakubali. Toleo la mwezi huu linasema jibu ni TABORA, na zawadi imeenda kwa mwingine. Mke wangu anasema niliandika Kigoma kwa mapenzi ya kwetu tu. Nataka kumwandikia mhariri, na nimlalamikie 15 mlalo hapohapo, maana wao wameandika WAVU na mimi NETI, nayo inaingia. Je, nina hoja? Picha ya jedwali niliipiga kabla ya kutuma fomu, hii hapa."*

Marahaba, ndugu yangu. Hoja unayo, tena nzito, ila si hiyo uliyoiandika. Na niseme mapema kwamba nakujibu kutoka Isevya, Tabora, kwa hiyo nikikupa ushindi usidhani nimeegemea upande.

Unasema "herufi zote zikakubali". Mhariri akisoma maneno hayo atakunja barua yako na kuendelea na chai yake, kwa sababu kila anayekosea fumbo huandika hivyohivyo. Neno kuenea kwenye visanduku si kitu. Kinachotakiwa ni kuonyesha kwamba neno lako linatimiza dokezo kama lilivyochapwa, kwamba linapatana na kila neno linalolikatiza, na kwamba pale linapobadilisha herufi ya neno jingine, neno hilo jingine nalo linabaki jibu halali la dokezo lake. Hilo la tatu ndilo watu hulisahau, na ndilo litakalokupa kesi. Tulifuate taratibu kwenye picha yako.

12 mlalo ina visanduku sita. Ukiangalia jedwali utaona si vyote sita vinavyokatizwa. Neno la wima linapita kwenye kisanduku cha pili, cha nne na cha sita tu. Cha kwanza, cha tatu na cha tano vina weusi juu na chini, kwa hiyo herufi zake hazithibitishwi na neno lolote. Sisi watunzi wa zamani tulizoea kuita herufi inayokatizwa "shahidi". Jibu lako basi lina mashahidi watatu.

Shahidi wa kisanduku cha nne ni 3 wima, "Kiungo cha kuonea", ambaye ni JICHO, nalo linaangusha O yake ya mwisho kwenye kisanduku cha nne. Shahidi wa kisanduku cha sita ni 7 wima, "Hisia ya tumbo tupu", yaani NJAA, nalo linaleta A. Hayo mawili hayana mjadala. Sasa chukua miji ya reli hiyo yenye herufi sita uipitishe hapo. MWANZA, ambako tawi la reli huishia, inaanguka kwa sababu herufi yake ya nne ni N. UVINZA nayo N. URAMBO ina M, KALIUA ina I. Kati ya miji mikuu ya mikoa zinabaki TABORA, KIGOMA na DODOMA, zote zikiwa na O ya nne na A ya mwisho. Kwa mwenye kutunga mafumbo hilo ni tukio la kushtua: miji mitatu, reli moja, urefu mmoja, na mashahidi wawili kati ya watatu hawawezi kuitenganisha.

Kila kitu kinaangukia kisanduku cha pili. Huko TABORA inataka A, KIGOMA inataka I, DODOMA inataka O. Anayekatiza hapo ni 10 wima, visanduku vinne, na dokezo lake ni neno moja tu: "Fanikiwa". Jibu la jarida ni PATA. La kwako ni PITA. Na kwenye 10 wima pia, P na T hazina shahidi. Kinachokatizwa ni herufi ya pili, ambayo ndiyo hii tunayogombania, na A ya mwisho, ambayo iko kwenye maneno yote mawili. Kwa hiyo ukibadilisha A kuwa I pale pembeni, TABORA inageuka KIGOMA, PATA inageuka PITA, na hakuna neno jingine kwenye jedwali zima linalotikisika. Fumbo lina majibu mawili kamili.

Au tuseme linayo, kama PITA ni jibu halali la "Fanikiwa". Hapo ndipo mhariri atakapokubana, na hapo ndipo uweke nguvu zako zote, si kwenye sifa za stesheni ya Kigoma.

Njia ya kupima dokezo la namna hii, ambalo ni neno moja lenye maana iliyo sawa na jibu, ni kulichomoa kwenye sentensi na kuweka jibu mahali pake. Chukua "Asha amefanikiwa kwenye usaili." Weka lako: "Asha amepita kwenye usaili." Maana ni ileile, hakuna atakayekuuliza mara mbili. Weka la jarida: "Asha amepata kwenye usaili." Mtu atasubiri umalizie: amepata nini? Kupata kwa kawaida hutaka kitu cha kupatwa, wakati kufanikiwa na kupita vinaweza kusimama peke yake. PATA si kosa, maana tunasema "fulani siku hizi kapata" tukimaanisha mambo yake yamenyooka, na tunasema "kupata na kukosa". Lakini kwa kipimo hiki neno lako limekaa vizuri kuliko la kwao.

Usiishie kwenye sentensi ya Asha, kwa sababu mhariri anaweza kusema ni lugha ya mazungumzo. Mpe mfano ambao hawezi kuukataa: "mgombea amepita bila kupingwa". Huo ni msemo wa uchaguzi unaoandikwa magazetini na kutamkwa na wasimamizi wenyewe, na ndani yake kupita ni kufanikiwa, hakuna njia nyingine ya kuusoma. Kisha fungua kamusi moja inayoheshimika, ama Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ama Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, utafute kitomeo cha *pita*, unakili maana inayokufaa neno kwa neno pamoja na namba ya ukurasa. Unakili kutoka kitabu ulichokishika mkononi, si kutoka kumbukumbu ya mtu. Wahariri wa mafumbo hukaa na kamusi mezani, na kitu cha kwanza atakachofanya ni kufungua ukurasa huo.

Sasa nikuonyeshe mpaka ulipo, ili usije ukauvuka. Nilipokuwa nakagua jedwali lako nilijiuliza kama DODOMA nayo inaweza kuingia. Inahitaji neno la herufi nne, la pili O, la mwisho A, lenye maana ya kufanikiwa. POTA ni kusokota kamba, haimo. Lakini vijana wa leo husema msanii "ametoka", "nataka kutoka kimaisha", na TOKA ni herufi nne, O ya pili, A ya mwisho. Inaingia! Nilicheka peke yangu. Hata hivyo, mtu akiniletea DODOMA na TOKA sitamkubalia. Toka ya maana hiyo ni ya mtaani, na dokezo lilikuwa tupu, halikuonyesha kwamba linataka lugha ya vijana. Kwa desturi ya mafumbo, jibu la mtaani hudaiwa kwa dokezo lenye alama yake, kwa mfano "Fanikiwa, kwa vijana". PITA haihitaji alama hiyo. Tofauti hiyo ndiyo itakayofanya barua yako ionekane ya mtu anayejua anachokisema, na ukipenda unaweza kuigusa kwa sentensi moja, ingawa mimi ningeiacha, maana itampa mhariri wazo la kuiweka PITA kapu moja na TOKA.

Utaniuliza imekuwaje mtunzi hakuona. Mimi namhurumia, kwa sababu jambo hili limejificha ndani ya Kiswahili chenyewe. Maneno yetu mengi hupangwa konsonanti, irabu, konsonanti, irabu. Ta-bo-ra. Ki-go-ma. Ukichora jedwali linalokatiza kisanduku cha pili, cha nne na cha sita, mashahidi wako wote wanakuwa irabu, na irabu ziko tano tu. Konsonanti, ambazo ndizo zinazobeba utambulisho wa neno, zinabaki bila shahidi hata mmoja. Tena ile ya mwisho haisaidii kitu, kwa kuwa vitenzi vyetu vingi na majina mengi huishia kwa A. Kama jedwali hilihili lingesogezwa kisanduku kimoja, likakatiza cha kwanza, cha tatu na cha tano, mashahidi wangekuwa T, B, R upande mmoja na K, G, M upande wa pili. Hakuna ambaye angechanganya. Maneno yanayovunja mpangilio huo, kama MWANZA yenye W na N kwenye nafasi za shufwa, huwa hayana tabu hii.

Najua kwa sababu liliwahi kunipata. Miaka hiyo nilikuwa natunga fumbo la kila wiki la gazeti moja ambalo sitalitaja. Niliweka dokezo "Mzazi", visanduku vinne, jibu MAMA. Nikakatiza cha pili na cha nne. Herufi A na herufi A. Jaribu mwenyewe kuandika BABA kwenye visanduku hivyo uone. Nilikuwa nimelikagua jedwali mara tatu, na kila mara nililikagua nikiwa najua jibu, kwa hiyo nilichokiona ni MAMA tu. Barua zilikuja nyingi, na moja iliandikwa na mzee ambaye aliuliza swali moja tu: tangu lini sisi wengine tuliacha kuwa wazazi? Tangu siku hiyo nikawa nakagua kwa kugeuza kazi: nafuta jibu, nabakiza mashahidi peke yao, halafu nampa mtu wa nyumbani dokezo aniambie neno la kwanza linalomjia. Ndugu wa herufi nne wenye A na A ndio hao hao, KAKA na DADA. Mtunzi wa Kiswahili asiyewaogopa hao hajatunga muda mrefu.

Mhariri wako atakuwa na ngome mbili. Ya kwanza ni kusema TABORA ndilo jibu "linalofaa zaidi". Atasema Tabora ni njia panda, treni ya Mwanza na ya Kigoma zinaachana hapo, basi "stesheni kubwa" ni hiyo. Usibishane naye juu ya ukubwa. Kigoma ndiko reli inakoishia, penye jengo la stesheni tangu enzi za Wajerumani, lakini ukianza kupima jengo kwa jengo mtakesha. Mwelekeze kwenye dokezo: "kubwa" halimtoi mtu yeyote nje. Dokezo zuri lina angalau neno moja linalofunga mlango kwa majibu mengine. Angeandika "Njia panda ya reli za Mwanza na Kigoma", ingekuwa TABORA peke yake. Angeandika "Reli ya Kati ilifika hapa 1912", ingekuwa TABORA pia, kwa kuwa Wajerumani walioanza Dar es Salaam mwaka 1905 walifika Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kama angetaka ya kwenu, "Bandari ya MV Liemba" ingetosha. Maneno ya kufunga mlango yalikuwepo tele, hakuyatumia.

Ngome ya pili ni ule mstari mdogo chini ya fomu: uamuzi wa mhariri ni wa mwisho. Huo upo kweli na unamlinda kwenye zawadi. Haumlindi kwenye usahihi wa jibu alilochapa. Kwa hiyo tenganisha mambo hayo mawili unapoandika. Ukidai zawadi kwanza, atakujibu kwa mstari ule na mazungumzo yataisha. Ukidai masahihisho kwanza, mstari ule haumsaidii.

Ni vizuri pia ujue kwamba fumbo lenye majibu mawili si kosa kila mara. Tarehe 5 Novemba 1996, siku ya uchaguzi wa rais wa Marekani, gazeti la New York Times lilichapa fumbo lililotungwa na Jeremiah Farrell ambalo liliuliza habari kuu ya gazeti la kesho. Jibu lilianza na jina la mshindi, na visanduku vya jina vilikuwa saba. CLINTON ina herufi saba. BOBDOLE, majina mawili yakiunganishwa, nayo ina saba. Maneno yote saba yaliyokatiza hapo yalitungwa ili yakubali pande zote mbili: kwa mfano dokezo moja lilitaka mnyama mweusi wa sikukuu ya Halloween, ambaye anaweza kuwa paka au popo, na kwa Kiingereza wanyama hao hutofautiana herufi ya kwanza tu, C au B. Mhariri, Will Shortz, alipata malalamiko kutoka kwa watu walioona jina moja tu na kudhani gazeti linatabiri au linapendelea. Hawakujua kwamba jina la pili nalo lilikuwa sahihi. Usimpelekee mhariri wako hadithi hiyo, ataona unamfundisha kazi. Nimekupa wewe ili uone jinsi jambo linavyofanana: pale mtunzi alihangaika na maneno saba ili kupata majibu mawili, na kwenu neno moja la "Fanikiwa" limetosha kuyaleta bila mtu kukusudia.

Kuhusu 15 mlalo, achana nayo. Nimeiangalia. Dokezo ni "Chombo cha kuvulia", na kweli NETI ni chombo cha kuvulia na ina herufi nne kama WAVU. Lakini kisanduku cha pili kinakatizwa na TAA, jibu la "Hutumika gizani", na hapo inatakiwa A. NETI yako inaleta E na kuifanya TAA kuwa TEA. Kwenye picha yako neno hilo la wima umeliacha wazi. Hukulijaza kabisa, ndiyo maana hukuona mgongano. Ukiweka lalamiko hilo kwenye barua moja na la KIGOMA, mhariri ataanza na hilo dhaifu, atalibomoa kwa dakika moja, na hilo jingine atalisoma akiwa ameshaamua wewe ni mtu wa namna gani.

Andika barua fupi. Ukurasa mmoja, nusu ukurasa ikiwezekana. Namna hii:

"Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu fumbo la maneno la toleo la mwezi uliopita, 12 mlalo na 10 wima. Majibu mliyochapa ni TABORA na PATA. Naomba mwangalie KIGOMA na PITA.

12 mlalo inakatizwa mara tatu. Herufi ya nne (O, kutoka JICHO) na ya sita (A, kutoka NJAA) ziko kwenye miji yote miwili. Ya pili inatoka 10 wima, 'Fanikiwa', ambako PATA na PITA hutofautiana kwa herufi hiyohiyo tu. Hakuna neno jingine linalobadilika.

Maana ya *pita* ya kufanikiwa ni ya kawaida, kama katika 'mgombea amepita bila kupingwa', na kamusi inasema hivi: (nukuu, jina la kamusi, ukurasa). Dokezo la 12 mlalo halina neno linaloiondoa Kigoma.

Naomba mchape kwamba majibu yote mawili ni sahihi, na mfikirie kuwaingiza kwenye droo ijayo waliotuma KIGOMA pamoja na PITA. Simpingi aliyeshinda, jibu lake nalo ni sahihi."

Jina, simu, basi.

Angalia mambo mawili kwenye barua hiyo. Nimeandika "KIGOMA pamoja na PITA" kwa makusudi. Aliyeandika KIGOMA mlalo halafu akabakiza PATA kwenye orodha ya majibu ya wima amekosea, kwa sababu herufi moja haiwezi kuwa A na I kwa wakati mmoja, na mhariri atataka kujua kama umeelewa hilo. Na sentensi ya mwisho juu ya mshindi usiifute kwa hasira. Mhariri anayeogopa ni yule anayedhani ataambiwa amnyang'anye mtu zawadi aliyokwisha kumpa. Ukimwondolea hofu hiyo, kinachobaki kwake ni mistari mitatu ya masahihisho, na hilo ni jambo jepesi. Kuingizwa kwenye droo ijayo ndiyo kawaida ya majarida ya kiungwana. Hundi ya fidia usiitarajie.

Ipeleke wiki hii. Ukurasa wa mafumbo hufungwa mapema kuliko kurasa za habari, na masahihisho yakikosa toleo lijalo huwa hayachapwi tena, kwa sababu wasomaji wameshatupa jedwali la zamani.

Nimalizie na mkeo. Nimeikuza picha yako hadi ikapasuka. Kwenye kisanduku cha pili cha 12 mlalo kuna I ya wino wa bluu, na chini yake, ukitazama vizuri, kuna A iliyokwanguliwa. Yaani ulianza na PATA, jedwali likakupeleka TABORA, ukakaa ukafikiri, ukarudi kutafuta neno litakalokuruhusu kuandika Kigoma, na ukalipata. Mama huyo alikuwa amekaa karibu, nadhani. Kwenye hoja yako hilo halina uzito wowote, kwani jibu halali halijali limefikiwa kwa njia gani, na fomu yenyewe wanayo wao ofisini. Ila ukimsomea barua kabla ya kuituma, ile sehemu inayosema "naomba mwangalie" usiisome kwa sauti ya juu sana.